Kupiga chapa kwa bamia: andalio la somo la sanaa la dakika 40 kwa darasa la awali

Walimu wengi wa awali hulikwepa somo la rangi kwa sababu ya dakika kumi za mwisho: rangi sakafuni, mashati ya shule yamechafuka, watoto wamesongamana kwenye ndoo moja ya maji na mwalimu wa kipindi kinachofuata yuko mlangoni. Ndiyo maana tunawashauri walimu tarajali waandike andalio la somo hili kuanzia mwishoni. Amua kwanza watoto watanawaje na kazi zao zitakauka wapi, kisha urudi nyuma mpaka kwenye utangulizi.

Tuchukue darasa la watoto 48 wa miaka mitano na sita. Mtoto wa umri huo hutumia kama sekunde 20 kunawa rangi. Ukiwa na kibuyu chirizi kimoja, watoto 48 watahitaji dakika 16, karibu nusu ya muda wote wa somo. Ukiwa na vibuyu viwili, zinabaki dakika 8. Ukimfundisha mtoto kushika chapa kwa mkono mmoja tu, na akajifuta kwa tambara bichi mezani kabla ya kwenda kwenye maji, muda unapungua zaidi. Hesabu hiyo ndiyo inayotuambia tuchague chapa, wala si kupaka rangi kwa vidole.

Kazi yenyewe ni kutengeneza pindo la kanga. Watoto wengi wanalijua kwa macho, kwa sababu nyumbani kuna kanga yenye mji katikati, jina chini yake na pindo linalozunguka pande zote. Pindo ni umbo linalojirudia kwa mpangilio, na kuendeleza mpangilio ni stadi ambayo mtoto wa awali anapaswa kuijenga. Maumbo mawili yanatosha: nyota na duara.

Nyota utaipata kwenye bamia. Ikate katikati kwa upana utaona vyumba vya mbegu, kwa kawaida vitano. Chagua zilizokomaa hadi kuwa ngumu, zile ambazo wauzaji sokoni huzitupa, kwani laini hupondeka mkononi. Nusu yenye kikonyo ina mshikio wake tayari. Bamia 12 zinatoa chapa 24. Duara linatoka kwenye kikonyo cha jani la mpapai, ambacho kina uwazi ndani. Kata vipande 24 vyenye urefu wa kidole. Utomvu wa mpapai unaweza kuwasha ngozi, kwa hiyo vikate mwenyewe jioni ya kuamkia somo, vioshe na uviache vikauke. Bamia zikate asubuhi, uzilaze kwenye gazeti, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa saa moja hivi. Usipofanya hivyo, utelezi wake utaisukuma rangi pembeni na nyota itatoka kama doa.

Rangi tunapika. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano katika vikombe vitatu vya maji baridi hadi mabonge yaishe, bandika jikoni, endelea kukoroga mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto, kisha uipue. Igawe mara mbili. Nusu tia kijiko cha chai cha rangi nyekundu ya chakula, nusu nyingine vijiko viwili vya chakula vya binzari ya manjano. Ipike siku hiyohiyo, maana ikilala kwenye joto huchacha. Binzari haitoki kirahisi kwenye shati jeupe, hivyo waombe wazazi mapema mashati makuukuu ya watu wazima, watoto wayavae kinyumenyume. Doa likibaki, kufua na kuanika juani hulipunguza. Kwa sababu hiyohiyo, kazi za watoto zianikwe kivulini.

Usiimimine rangi kwenye bakuli. Mtoto ataizamisha chapa hadi nusu, na kinachotoka ni bonge lisilo na umbo. Chukua kipande cha godoro kuukuu chenye ukubwa wa kiganja, kiweke kwenye mfuniko wa ndoo, kipake vijiko vitatu vya rangi na uishindilie iingie. Kila kundi la watoto sita lipate mifuniko miwili, mmoja mwekundu wenye bamia tatu, mwingine wa manjano wenye vipande vitatu vya mpapai. Kanuni ni moja: chapa inarudi kwenye rangi yake. Wasipoizingatia, baada ya dakika chache rangi zote mbili zitakuwa za matope.

Anza kwa kuwaonyesha, dakika 5 tu, watoto wakiwa wamekaa mkekani, mbali na meza. Gusa rangi, gusa karatasi, inua moja kwa moja juu bila kuburuta. Tengeneza nyota, duara, nyota, kisha uwaulize, "Sasa inafuata nini?" Wakishajibu, ondoa mfano wako. Ukiubandika ubaoni, watanakili wako badala ya kufikiri wa kwao.

Dakika 8 zinazofuata wajaribu kwenye gazeti. Hatua hii walimu huiruka ili kuokoa muda, na hapo ndipo somo huharibika. Mtoto anahitaji kubonyeza sana, kubonyeza kidogo na kuona tofauti kabla hujampa karatasi yake. Karatasi hiyo ni nusu ya A4 iliyokatwa kwa urefu, hata kama imechapwa upande mmoja, nawe umeshaandika jina la mtoto kwa penseli nyuma yake. Karatasi 24 zinatosha darasa zima. Wape dakika 12.

Pita mezani usikilize. Katika darasa moja nililotembelea, msichana alikuwa amepiga nyota mbili, duara moja, nyota mbili, duara moja. Mwalimu alitaka kumsahihisha. Nilipomuuliza mtoto, alisema, "Nyota zinatembea mbilimbili, mwalimu, huyu ndiye kiranja." Mpangilio wake ulikuwa mgumu kuliko ule wa mwalimu. Andika kwenye tathmini kile mtoto alichoweza kukirudia, hata kama sicho ulichokionyesha.

Utajua wamemaliza watakapoanza kupiga chapa juu ya chapa au kuiburuta. Hapo imba wimbo wa usafi ambao darasa linaujua, na kila mkono uweke chapa mfunikoni. Kila kundi liwe na watoto wawili wa mifuniko, wawili wa magazeti na wawili wa tambara, waliopangiwa kazi kabla ya kuanza. Mifuniko inakwenda kwenye beseni nje, magazeti yanakunjwa rangi ikiwa ndani, meza inafutwa. Kazi zenyewe zibebe wewe au msaidizi, uzitandaze kwenye mkeka kando ya ukuta, kwani mtoto aliyebeba karatasi mbichi huikunja.

Makundi yaende kunawa mawili mawili, kila moja kwenye kibuyu chake. Wanaosubiri wakae mkekani wakitazama kazi zinazokauka na kutafuta pindo linalofanana na la kwao. Tenga dakika 10 kwa usafi wote, na 5 zilizobaki kwa watoto wawili au watatu kueleza mipangilio yao. Vipande vya godoro viloweke papo hapo, kwa sababu unga ukikauka ndani yake havitafaa tena wiki ijayo.