Ujumbe mtamu hauonyeshi nia

"Kila usiku ananiandikia 'nakuwaza, mpenzi'. Si dalili kwamba ana nia ya kweli?"

Bado. Ujumbe huo huandikwa kwa nusu dakika, na unaweza kutumwa kwa watu watatu usiku uleule. Chukua daftari, na kwa wiki sita andika mambo mawili tu: alichoahidi na siku yake, kisha kilichotokea. Maneno matamu usiyaandike; hayana tarehe.

Tuseme yeye yuko Kampala, wewe Jinja, kilomita 80 hivi. Aliahidi kuja Jumamosi, hakuja. Kosa moja halisemi kitu, pengine alipungukiwa nauli. Tazama kilichofuata: je, alitaja siku nyingine mwenyewe, akafika? Au ulimuuliza wewe, akajibu kwa emoji za kopakopa? Ikitimia ahadi moja kati ya tano, na nne zilizobaki wewe ndiye uliyezifuatilia, jibu unalo.

Asiye na pesa mpime kwa yasiyohitaji pesa nyingi, kama kupiga simu saa aliyosema. Wiki mbili za kwanza zisikudanganye, kwani karibu kila mtu huwa mwepesi mwanzoni. Na usimkumbushe: ukimkumbusha, utakuwa unapima bidii yako.