Shibe huchelewa wapi mtu akifakamia chakula?

Kiswahili kina maneno manne yanayoeleza nusu ya jambo hili. Kufakamia ni kula kwa pupa, tonge juu ya tonge. Kukinai ni kufika mahali ambapo chakula hakitamaniki tena, hasa kikiwa na mafuta au utamu mwingi. Kushiba ni kutosheka. Kuvimbiwa ni kuipita shibe mpaka tumbo linakaza na pumzi inakuwa fupi. Anayefakamia mara nyingi hukuta keshavimbiwa bila kukumbuka ni wapi alishiba. Hilo si suala la ulafi tu. Lina mpangilio wake ndani ya mwili, na mpangilio huo unafuatika kwa saa ya ukutani. Wengi husema ubongo huchelewa kupata taarifa na huhitaji dakika 20 kujua kwamba mtu ameshiba, lakini mambo hayaendi hivyo hasa.

Mwezi wa Ramadhani mmoja nilifuturu kwa mjomba wangu, Tanga. Adhana ilipoadhiniwa saa 12:40, mbele yetu palikuwa na uji, mihogo ya nazi, maharage, chapati na samaki wa kukaanga. Mjomba alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu daku, karibu saa kumi na tatu. Saa 12:47 sahani yake ilikuwa nyeupe. "Niongeze mihogo," akamwambia mkewe, "bado nahisi nafasi." Akaongezwa, akamaliza, akanawa. Saa 1:10 alikuwa ameegemea mto, msuli kaulegeza, jasho linamtoka, na tarawehe ilimshinda kwa sababu kila akirukuu chakula kilitaka kupanda. Tangu anawe mikono hakuwa ameongeza hata tende moja. Mtu aliyesema ana nafasi ameshindwa kuinama, na tonge halijaongezeka. Kilichobadilika ni nini?

Tuanze na tumbo lenyewe, ule mfuko unaopokea chakula. Likiwa tupu ni dogo, linakaribia ukubwa wa ngumi. Mtu akianza kumeza, sehemu yake ya juu hulegea yenyewe ili kupokea, na linaweza kuchukua kiasi cha lita moja bila msukumo wa ndani kupanda sana. Ulegevu huu ni jambo jema, maana bila huo tungeshiba kwa vijiko vichache. Ndani ya ukuta wa tumbo kuna ncha za mishipa ya fahamu zinazohisi mvutano. Ukuta ukivutika, ncha hizo hupeleka habari kupitia mshipa mrefu uitwao vagasi hadi kwenye shina la ubongo, juu ya shingo. Safari hiyo huchukua kama sekunde moja. Kwa hiyo si kweli kwamba ubongo "huchelewa kupata taarifa" kutoka tumboni. Taarifa ya tumbo hufika papo hapo, ila ni taarifa ya aina moja tu: ukuta umevutika kiasi gani.

Majaribio ya panya yalilionyesha hili waziwazi. Panya aliyefungwa lango la chini la tumbo, chakula kisipite kwenda utumboni, aliacha kula tumbo lilipojaa kiasi fulani, na haikujalisha kama lilijaa chakula chenye nguvu au maji ya chumvi. Tumbo hupima ujazo. Halijui kama kilichoingia ni maharage au maji.

Anayejua ni utumbo mwembamba. Chakula kikishasagwa tumboni na kuwa kama uji, lango la chini hukiachia kidogo kidogo. Kipande kikubwa cha chapati hakipiti. Lazima kwanza kisagike hadi chembe za milimita moja au mbili. Kwenye ukuta wa utumbo kuna seli zinazoonja kinachopita, na kila zikigusa mafuta au protini iliyoanza kuvunjika hutoa homoni iitwayo kolesistokinini. Jina ni refu kwa sababu ilijulikana kwanza, mwaka 1928, kama kitu kinachokamua mfuko wa nyongo. Ilikuwa mwaka 1973 ndipo ilipoonekana kwamba panya wakichomwa sindano yake hula kidogo. Kolesistokinini hupunguza kasi ya lango la chini, hivyo tumbo hubaki limejaa kwa muda mrefu zaidi, tena huigusa ile ile vagasi inayobeba habari za mvutano. Ukitaka neno la Kiswahili lililo karibu na kazi yake, ni kukinaisha. Waliosema mafuta hukinaisha walikuwa wakiisema homoni hii bila kuijua.

Mbele zaidi kwenye utumbo kuna seli zinazotoa homoni nyingine mbili, GLP-1 na PYY. Hizi hupanda polepole na hukaa juu kwa saa kadhaa, na ndizo zinazochangia mtu asitamani kula mara tu baada ya mlo. Wakati huo huo ghrelini, homoni ya njaa inayotoka tumboni, huanza kushuka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ghrelini haishuki kwa sababu tumbo limevutika. Inasubiri virutubisho vifike utumboni. Ndiyo maana bilauri mbili za maji hujaza tumbo lakini njaa hurudi upesi.

Sasa turudi kwa mjomba. Tuseme sahani yake ya kwanza ilikuwa na kalori 900. Tumbo huachia chakula kwenda utumboni kwa kadiri ya kalori 2 au 3 kwa dakika. Tukichukua 3, dakika saba zimepitisha kalori 21. Yaani wakati sahani inakuwa nyeupe na mjomba anaomba mihogo, utumbo wake umeonja kalori 21 kati ya 900. Kwa upande wa utumbo, mlo ndio kwanza unaanza. Kolesistokinini haijapanda vya kutosha, ghrelini bado iko juu baada ya kutwa nzima ya kufunga, na tumbo limelegea kupokea. Aliposema anahisi nafasi alikuwa mkweli. Mwili ulikuwa haujamwambia vinginevyo.

Saa 1:10 mambo ni mengine. Nusu saa imepita, utumbo umepokea kalori 90 hivi, na kolesistokinini imo kwenye damu. Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Ishara ya mvutano na ishara ya homoni hukutana kwenye nyuzi zile zile za vagasi, na kila moja huipa nguvu mwenzake. Mvutano ambao dakika ishirini nyuma ulisomeka kama "kumejaa kiasi" sasa unasomeka kama "hapana tena". Zaidi ya hapo, tumbo lenyewe limemwaga maji yake ya kusagia, na ujazo umeongezeka bila mtu kumeza kitu. Hivyo ndivyo mtu anavyopata uzito mpya tumboni kutokana na chakula alichokwisha kula zamani. Mjomba hakuvimbiwa saa 1:10. Alivimbiwa pale alipomaliza mihogo, habari ya utumbo ndiyo iliyofika saa 1:10.

Mwaka 2010 lilichapishwa jaribio la Athene, Ugiriki, ambalo nalipenda kwa usahili wake. Wanaume 17 wenye afya walipewa aiskrimu mililita 300, kiasi kile kile, siku mbili tofauti. Siku moja waliila kwa dakika 5, siku nyingine kwa dakika 30, kisha damu yao ikapimwa kwa zaidi ya saa tatu. Walipokula taratibu, GLP-1 na PYY zilipanda zaidi. Ghrelini haikutofautiana. Ni watu wachache na chakula cha aina moja, kwa hiyo nisiubebeshe ushahidi huu mzigo mkubwa, lakini unaonyesha kwamba mwendo wa kula unaweza kugusa hata nguvu ya ishara yenyewe, mbali na wakati wake.

Hapo ndipo ile kauli ya "ubongo huhitaji dakika 20" inapohitaji kurekebishwa. Dakika 20 ni makadirio ya jumla, si saa iliyotegwa kichwani. Muda halisi hutegemea kilichomo sahanini. Uji na supu huanza kupita lango la chini karibu mara moja. Nyama na chapati zisizotafunwa vizuri huweza kukaa tumboni dakika 20 au 30 kabla ya kuanza kutoka kwa maana. Mafuta na protini huita kolesistokinini kuliko wanga. Soda hupita koo na tumbo kwa kasi, kalori zake zikiingia kabla mdomo haujafanya kazi yoyote ya kutafuna, na kutafuna nako kunahesabiwa na ubongo. Kinachojulikana vizuri zaidi ni kwamba anayekula taratibu hula kidogo kwenye mlo ule ule. Kwamba atakaa bila njaa muda mrefu zaidi baadaye, hilo halijathibitika kwa uzito huo.

Desturi ya pwani ya kufungua kwa tende na maji, kwenda kuswali magharibi, kisha kurudi kwenye jamvi la futari, hutoa mwanya wa dakika kumi au kumi na tano. Tende tatu si chakula kingi, na sukari si kichochezi kikubwa cha kolesistokinini, lakini virutubisho vya kwanza vinakuwa vimefika utumboni kabla ya chapati ya kwanza kumegwa. Mjomba alikuwa akila kwanza na kuswali baadaye. Mwaka uliofuata mkewe alianza kutandika jamvi baada ya sala, na uji akautanguliza peke yake. Chapati ya pili ilianza kurudi jikoni.

Kuna hali moja ambapo haya yote hayafuati. Mtu anayeshiba kwa matonge matatu au manne tu, akapungua uzito, au akatapika chakula alichokula saa nyingi nyuma kikiwa bado kinatambulika, tatizo lake si mwendo wa kula. Kisukari cha miaka mingi huweza kuidhuru vagasi, tumbo likashindwa kusukuma chakula. Vidonda na uvimbe wa tumbo navyo huleta shibe ya mapema. Huyo aende akapimwe, na amweleze daktari kwa hesabu: alikula nini, saa ngapi, na alijisikia amejaa baada ya matonge mangapi.