CRC na ARQ: fremu iliyoharibika inagunduliwaje na kurudishwaje

Kwenye tabaka la kiungo data, biti husafiri zikiwa zimefungwa kwenye fremu. Zikiwa njiani, kelele za umeme au mawimbi dhaifu yanaweza kugeuza 0 kuwa 1. Mpokeaji hana nakala ya kulinganishia, kwa hiyo mtumaji humwekea hesabu mwishoni mwa fremu. Hesabu hiyo ndiyo CRC.

Tuseme data ni 1101, na pande zote mbili zimekubaliana kigawanyo 1011. Mtumaji anaongeza sifuri tatu mwishoni, kisha anagawanya. Kutoa hapa hakuna kukopa: biti zikifanana unapata 0, zikitofautiana unapata 1.

```
1101000
1011000
-------
0110000
0101100
-------
0011100
0010110
-------
0001010
0001011
-------
0000001
```

Baki ni 001, basi kinachotumwa ni 1101001. Mpokeaji anagawanya zote saba kwa 1011; akipata baki 000, anaipokea fremu. Biti ya tatu ikigeuka, atapokea 1111001, na baki litakuwa 110. Fremu hiyo inatupwa.

Kuna kosa linalopenya: lile ambalo mpangilio wa biti zilizogeuka wenyewe unagawanyika kwa kigawanyo. Zikigeuka biti za nne, sita na saba, inafika 1100010 na baki ni 000. Ndiyo maana Ethernet hutumia CRC ya biti 32, ambayo hunasa kila mkupuo wa makosa, yaani makosa yaliyokaa pamoja, usiozidi urefu wa biti 32. Lakini haizuii mtu anayebadilisha data kwa makusudi, kwani naye anaweza kukokotoa CRC mpya.

CRC inajua fremu imeharibika, ila haiitengenezi. Kazi ya kuirudisha ni ya ARQ, yaani utaratibu wa kutuma upya fremu isiyothibitishwa. Katika aina yake rahisi, mtumaji anatuma fremu moja, anawasha saa na kusubiri uthibitisho. Muda ukiisha kimya, anatuma tena. Hapa pana mtego ambao wanafunzi wengi huuruka: huenda fremu ilifika salama, na kilichopotea ni uthibitisho. Mpokeaji angeipokea mara mbili kama data mpya. Kwa hiyo fremu hupewa namba, 0 na 1 kwa kupokezana. Ikija tena yenye namba ileile, mpokeaji anaitupa nakala lakini anatuma uthibitisho upya. Asipoutuma, mtumaji ataendelea kurudia bure.

Wi-Fi hufanya hivi kwa sababu hewani makosa ni mengi, na ukiwa mbali na ruta marudio hayo hula kasi yako. Ethernet ya waya haina ARQ: inatupa fremu mbovu kimyakimya, na TCP huko juu ndiyo inayotuma upya. Kwenye Linux, hesabu ya fremu hizo huonekana chini ya neno `crc` kwa amri hii:

```
ip -s -s link show eth0
```

Namba hiyo ikiendelea kupanda, anza kwa kubadilisha kebo, kisha jaribu tundu jingine la swichi.