Sifuri tatu kwenye ripoti ya titi, uliza kwanza kinyama kilikaaje

Nimeisikia tena wiki hii, na safari hii kutoka kwa daktari mwenzangu kabisa: eti kupima vipokezi vya uvimbe, yaani ER ya estrojeni, PR ya projesteroni na HER2, kwa wanawake wa huku ni kuwamalizia hela, maana saratani ya matiti ya Mwafrika ni hasi tatu tu, haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu, mpe kemo umalize. Hapana jamani. Ni kweli hasi tatu huku kwetu ni nyingi kuliko Ulaya, na Afrika Magharibi ni nyingi zaidi, lakini nyingi haimaanishi zote, hata nusu haifiki kwetu. Utafiti wa Kenya uliotoka 2014, ambao sampuli zilitunzwa vizuri, ulikuta karibu robo tatu ya wagonjwa wana ER chanya, na hasi tatu ni kama mmoja kati ya watano.

Sasa zile hasi nyingi za kwenye mafaili ya zamani zilitoka wapi? Sehemu kubwa naamini zilitoka kwenye ndoo. Titi limetolewa zima, likatumbukizwa zima kwenye fomalini, tena wakati mwingine fomalini yenyewe kidogo, likasubiri gari mpaka siku ya nne. Fomalini inaingia polepole sana, kama milimita moja kwa saa hivi, kwa hiyo inakuwa kama nyama uliyoipaka chumvi juu tu, ndani inaharibika huku nje inaonekana safi. ER ni protini, ikiharibika haishiki rangi ya kipimo, na mimi kwenye darubini naona sifuri. Inavyotakiwa ni titi lichanwe vipande na kuingia fomalini ndani ya saa 1, likae humo kati ya saa 6 na saa 72, basi. Si kazi ya mashine ya bei mbaya, ni kisu na saa ya ukutani.

Nitoe mfano mmoja. Mama wa miaka 46, bado anapata hedhi, uvimbe sentimita 2.6, gredi 1, makwapa safi. Ripoti: ER 0, PR 0, HER2 0. Ameshapangiwa kemo peke yake. Kilichonishtua ni ile gredi 1, kwa sababu hasi tatu kwa kawaida ni gredi 3, seli zimevurugika zinagawanyika hovyo, gredi 1 yenye sifuri tatu unatakiwa uitilie shaka kabla hujaiamini. Nikaomba slaidi. Nikaenda moja kwa moja kwenye vifereji vya maziwa vya kawaida pembeni ya saratani, maana hivyo lazima viwe na seli kadhaa zilizoshika rangi ya ER kwa mwanamke yeyote, na navyo vilikuwa sifuri! Hapo kipimo kimejifelisha chenyewe, jibu la haki si "hasi", jibu ni "haisomeki, rudia". Bahati nzuri kulikuwa na bloku ya kinyama cha sindano kilichochukuliwa kabla ya operesheni, kidogo, kiliingia fomalini palepale. Tukarudia: ER 90%, PR 60%, HER2 1+.

Angalia kilichobadilika. ER chanya inampa tamoksifeni, kidonge cha kuzuia estrojeni, miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, dawa ya bei ndogo ambayo kwa wenye ER chanya inapunguza vifo vya saratani hii kwa kama theluthi moja ndani ya miaka 15, na kwa wenye ER hasi haisaidii kitu. Kwa hiyo ile sifuri ya uongo ingemnyima dawa yake kuu. Kemo sasa ni mjadala, si lazima tena. HER2 1+, kwenye ngazi ya 0 mpaka 3+, tunaihesabu hasi kwa hatua yake, kwa hiyo trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, haimhusu, hiyo ni ya 3+, au ya 2+ iliyothibitishwa kwa kipimo cha jeni, maana ni dawa ya mwaka mzima na inaweza kugusa moyo, haitolewi kwa kubahatisha. PR naipitia haraka: ikiwa chanya peke yake na ER hasi, mimi narudia kipimo kabla ya kuandika chochote.

Pananisumbua pale ER ikiwa kati ya 1% na 10%. Kwa mwongozo 1% tayari ni chanya. Lakini nyingi za hizi kwenye darubini zinafanana na hasi tatu, na tabia yake ni hivyohivyo, sasa nikiandika "chanya" tu kuna mtu ataona tamoksifeni inatosha aache kemo, na nikiandika "hasi" namnyima mama kidonge ambacho huenda kingemsaidia. Sijui ukweli uko upande gani, na ushahidi wenyewe ni mchache. Ninachofanya naandika "chanya hafifu" na asilimia yake, naandika pia kama vifereji vya kawaida vimeshika rangi na kinyama kimekaa saa ngapi kwenye fomalini, halafu nampigia simu daktari wa saratani tuongee, kwa sababu 4% kwenye sampuli iliyokaa vibaya inaweza kuwa 60% kwenye iliyokaa vizuri.