Kapasita yoyote kwenye pini ya kigeuzi cha analogi kwenda dijiti? Hapana

“Fundi, usomaji unayumba, nimeweka kapasita ya nanofaradi 1 kwenye pini, bado.” Wiki hii nimeyasikia maneno haya mara tatu, na kila mara kapasita hiyo ndiyo iliyozidisha ubovu.

Bodi ya mwisho ilikuwa na chipu ya STM32F103 inayopima betri ya sola kupitia rezista za kiloomu 100 na 10. Betri ikiwa na volti 13.2, pini hupata volti 1.2, na chipu inauona ukinzani wa kiloomu 9.1. Ndani ya chipu, kapasita ya sampuli ni pikofaradi 8, na swichi yake ina hadi kiloomu 1. Kigeuzi ni cha biti 12, kwa hiyo hatua moja ni milivolti 0.8. Ili volteji itulie ndani ya nusu hatua:

```
t = (R + Rsw) × C × (N + 1) × ln 2
```

R ni ukinzani unaoonwa na chipu, Rsw ni wa swichi, C ni kapasita ya sampuli, na N ni idadi ya biti. Bila kapasita ya nje, jibu ni mikrosekunde 0.73. Saa ya kigeuzi ikiwa megahezi 14, muda wa sampuli wa mizunguko 13.5 unatosha kabisa.

Sasa weka ile nanofaradi 1. Kigeuzi husoma chaneli kwa zamu, na iliyotangulia ilikuwa sifuri, kwa hiyo kapasita ya ndani inakuja tupu. Swichi ikifunga, inaichota chaji ya ile ya nje, na pini inashuka milivolti 9.5, yaani hatua 12. Kuzirudisha kupitia kiloomu 9.1 kunataka mikrosekunde 29, wakati muda mrefu kuliko yote wa chipu hii, mizunguko 239.5, ni mikrosekunde 17 tu. Kwa mizunguko 13.5, betri ya 13.2 inasomeka 13.1. Dalili ni hii: badilisha volteji ya chaneli jirani, na usomaji wako nao utahama.

Kwa hiyo ama usiweke kabisa, ama weka kubwa ya kutosha kutoa chaji yote peke yake: walau mara 8,192 ya pikofaradi 8, karibu nanofaradi 66. Mimi huweka 100, kauri, miguu ikigusana na pini. Lakini hiyo inajaa polepole. Kwa betri inayosomwa mara 100 kwa sekunde, sawa. Ukisoma mara 10,000, chaji haiwahi kurudi yote, na kosa la kudumu linapita hatua moja. Hapo tumia opampu, au punguza rezista.

“Pini haivuti mkondo, rezista haijalishi.” Inavuta kila swichi inapofunga, kama ulivyoona.

“Mara tano za RC zinatosha.” Kwa volteji kamili, mara tano huacha hatua 28 za biti 12. Unahitaji mara tisa.