Je, wajua kwa nini ripoti ya tukio husomeka vipande vipande?

“Mimi ni mlinzi wa ghala hapa Tororo. Ripoti zangu nazipanga kwa saa, lakini msimamizi anasema zinasomeka vipande vipande. Kwa nini?”

Mara nyingi kosa haliko kwenye mpangilio wa saa, bali kwenye uhusiano kati ya tendo moja na jingine, ambao mwandishi ameuacha kichwani mwake. Tuchukue ripoti ya kubuni: “Nilikuwa langoni. Lori lilikuja. Halafu dereva alishuka. Halafu alikwenda kwa karani. Halafu lori lilirudi nyuma. Halafu liligonga bodaboda. Halafu dereva alikuja mbio. Halafu tulimpeleka majeruhi kituo cha afya. Dereva hakuweka jiwe chini ya gurudumu.”

Karibu kila kitenzi hapa kimebeba -li- na kila sentensi imeanza upya, kana kwamba msomaji ndiyo kwanza anafika langoni. Neno “halafu” halimsaidii sana, kwa kuwa linamwambia tu kwamba jambo hili lilifuata lile, wala halimwambii kama zilipita sekunde mbili au nusu saa, au kama mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Kubadilisha “halafu” kwa “kisha”, na “kisha” kwa “baadaye”, hakuondoi tatizo hilo.

Kiswahili kina njia nyepesi zaidi, nayo imo ndani ya kitenzi chenyewe. Tendo la kwanza hupewa -li-, na yanayolifuata moja kwa moja hupewa -ka-: “Dereva alishuka, akafunga mlango, akaenda kwa karani.” Hapo “halafu” haihitajiki hata mara moja. Lakini mnyororo wa -ka- ukizidi vitenzi vitatu au vinne huanza kuchosha, kwa hiyo mahali au wakati unapobadilika ni vyema kurudi kwenye -li- na kuanza sentensi mpya. Isitoshe, -ka- haina umbo lake la kukanusha katika masimulizi ya namna hii. Tendo ambalo halikufanyika huandikwa kwa “hakuweka” au “bila kuweka”.

Matendo yaliyotokea kwa wakati mmoja yanahitaji -po-, -ki- au “huku”, na lililotangulia huandikwa kwa “alikuwa ameshaondoka” au “kabla hajaondoka”. Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika. Katika mfano wetu, habari ya jiwe imewekwa mwishoni, ilhali dereva aliacha kuliweka kabla hata hajafika kwa karani. Msomaji anayekutana nayo mwishoni hulazimika kurudi juu na kulipanga upya tukio zima. Ripoti hiyo ingeweza kuandikwa hivi:

“Jumanne usiku, saa 2:10, nikiwa zamu langoni, lori lililotoka upande wa Malaba lilisimama kwenye mteremko nje ya ghala. Dereva alishuka, akaenda kwa karani kuonyesha karatasi za mzigo, bila kuweka jiwe chini ya gurudumu. Alipokuwa bado anazungumza na karani, lori lilianza kurudi nyuma taratibu. Nilipiga filimbi, lakini kabla mwendesha bodaboda aliyekuwa ameegesha nyuma yake hajaondoka, lori likamgonga, akaanguka pamoja na pikipiki yake. Papo hapo dereva alitoka mbio, akapanda garini na kuvuta breki ya mkono. Mimi na karani tulimpeleka majeruhi kituo cha afya, na ilipofika saa 2:35 alikuwa ameshapokelewa.”

Saa zimeandikwa mara mbili tu, mwanzoni na mwishoni, na viunganishi vinabeba yaliyo katikati. Neno “usiku” nalo lisiachwe, maana nchini Uganda ripoti huenda ikasomwa na mtu anayehesabu saa kwa Kiingereza, naye akiona 2:10 peke yake atadhani ni saa nane na dakika kumi, ama za usiku wa manane ama za mchana.

Kuna viunganishi vinavyohitaji uangalifu zaidi, navyo ni “hivyo”, “kwa hiyo” na “kwa sababu hiyo”. Mwandishi anayetaka ripoti itiririke hushawishika kuandika: “Dereva hakuweka jiwe, kwa hiyo lori likarudi nyuma.” Sentensi hiyo inasomeka vizuri, lakini mlinzi hakuona sababu, aliona tu kwamba jiwe halikuwapo na kwamba lori lilirudi nyuma. Huenda breki ya mkono ilikuwa na hitilafu, au dereva hakuivuta kabisa. “Alipokuwa bado anazungumza” kunaeleza wakati bila kumhukumu mtu. Hata “ghafla” liandikwe tu pale ambapo jambo lilitokea bila dalili. Lori lililoanza kurudi nyuma taratibu, mlinzi akapata hata nafasi ya kupiga filimbi, halikurudi ghafla.