Tundu la leza halizibiki

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, pale Kirumba, alinirudishia mkoba kabla haujamaliza wiki tatu. Mkanda wa kushikia ulikuwa umeng'oka, lakini uzi wangu ulikuwa mzima kabisa. Kilichochanika ni leza yenyewe, ile ngozi ya bandia, tena kwa mstari ulionyooka, kama stempu inavyobanduliwa kwenye karatasi yake.

"Fundi, hapa ulishona au ulitoboa?" akaniuliza. Nilitoboa.

Mkanda ule niliushikiza kwa mshono wa sentimita 12, stichi za milimita 2 kama ninavyoshona kitenge. Piga hesabu: hayo ni matundu 60. Kwenye kitenge hayana neno, kwa sababu sindano inasogeza nyuzi kisha zinarudi mahali pake. Leza ni plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa, na plastiki ikitobolewa imetoboka. Kwa stichi za milimita 3.5 ningekuwa na matundu 34 hivi, na kati ya tundu na tundu pangebaki nyama ya kushikilia mzigo.

Kosa la pili lilikuwa sindano. Niliweka sindano ya ngozi, ile yenye herufi LL kwenye pakiti, nikijua leza na ngozi ni ndugu. Si ndugu. Ncha ya sindano hiyo ni kama kisu kidogo, inakata njia. Ngozi halisi inahitaji hivyo, maana nyuzinyuzi zake zimesukana na hazisogei. Lakini kwenye leza kisu hicho kinakata hata kile kitambaa cha nyuma, ambacho ndicho chenye nguvu. Siku hizi leza naishona kwa sindano ya jinzi namba 90/14, au 100/16 ikiwa nene. Ya LL naiweka nikishona ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi tu. Stichi zikianza kuruka, badilisha sindano kwanza kabla hujagusa kitu kingine kwenye cherehani.

Pini ni hadithi ileile ya matundu, kwa hiyo nimeziacha. Natumia vibanio vidogo vya plastiki, na vikipungua nachukua vile vyeusi vya chuma vya kubania karatasi, vinapatikana stationari yoyote. Hivyo vya chuma vinabana sana: viweke kwenye ukingo utakaofichwa ndani ya mshono, la sivyo alama yake itabaki usoni. Kitoe kabla hakijafika kwenye mguu wa cherehani.

Mguu wenyewe nao una tabia yake. Chuma kinang'ang'ania leza, meno ya chini yanasukuma, juu haiendi. Utaona stichi zinakuwa fupi fupi ingawa hukugusa kipimo. Mimi nabandika selotepu isiyong'aa chini ya mguu na kukata nafasi ya sindano kupita. Ukikosa, tandika karatasi laini juu ya leza, shona, kisha ichane.

Sasa mshono wa juu, ule unaoonekana, ndiko mteja anakotazama. Leza haipigwi pasi, itayeyuka. Nafungua kingo za mshono pande mbili, napaka gundi ya viatu kidogo sana, nasubiri ikauke (mbichi inagandia sindano), kisha nalaza kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Uzi mnene wa poliesta unakaa juu, wa kawaida kwenye bobini, na stichi ni milimita 4. Kwa ngozi halisi usitumie uzi wa pamba, dawa za kusindikia ngozi zinauozesha. Jaribu kwenye kipande kwanza: uzi wa chini ukichungulia juu, legeza wa juu, chini kukiwa na vifundo, kaza.

Ukifika penye unene, acha umeme, zungusha gurudumu kwa mkono. Mguu ukiinua pua, kunja kadi, iingize chini ya kisigino chake ili ukae sawa. Na mwishoni usirudi nyuma kufunga, kwani unapiga matundu juu ya matundu. Acha uzi mrefu, uvute upande wa nyuma, funga fundo mara mbili. Cherehani ya nyumbani ikianza kulia kwa tabaka za ngozi nene, hapo umefika mwisho wake. Peleka kwa fundi viatu.

Mkoba wa yule mama niliukata pale palipochanika, nikahamisha mkanda sentimita 2 chini, nikaweka kipande cha turubai kwa ndani kabla ya kushona upya. Aliuvuta kwa mikono miwili mbele yangu, akauvuta tena, ndipo akatia simu yake ndani.